Mkwe Ambaye Hajaona Moto

Mama mkwe wangu na mimi tulikaa kiwanja kimoja miaka sita bila kuangaliana usoni. Hatukuwa tumegombana. Ilikuwa ni heshima tu. Kwa Wabemba wa upande wa mke wangu, mkwe hamtazami mama wa mkewe, hasemi naye, wala hali mbele yake, mpaka siku atakapoonyeshwa moto. Siku hiyo wanawake wa ukoo wanapika vyungu vingi, wanavileta kwa nyimbo, wanavifunua kimoja kimoja mbele ya mkwe na kumwambia: hii ni kuku, hii ni samaki, tangu leo utakula kwetu. Baada ya hapo amekuwa mtoto wa nyumbani. Akitaka kumchukua mkewe na kwenda kuwasha jiko lake mahali pengine, hakuna wa kumzuia.

Mimi sikuonyeshwa. Mwaka tuliooana baba mkwe alifariki, na mtu hapiki vyungu vya furaha juu ya kaburi bichi. Nilielewa. Mwaka wa pili dada yake mama mkwe, anayekaa ng'ambo ya mpaka wa Zambia, hakuweza kusafiri. Mwaka wa tatu mvua iliharibu kila kitu. Baadaye hata sababu ziliacha kutolewa. Vyumba viwili vya nyuma tulivyopewa tukae miezi mitatu vilizaa watoto wawili, na mimi nikabaki nikihesabu hatua za mwanamke nisiyemjua uso.

Nilimjua kwa sauti. Nilijua kikohozi chake, nilijua ndara zake, moja inaburuta kidogo. Asubuhi alifagia uwanja, na alipofagia mimi sikutoka. Akienda bombani kufua, njia ya kwenda getini ilifungwa kwangu mpaka amalize ndoo ya mwisho. Ni mwalimu wa Kifaransa, mimi. Nimechelewa shuleni mara nyingi kuliko wanafunzi wangu, na siku zote sababu ilikuwa mashuka. Mkurugenzi wa studi, msimamizi wa masomo, alipouliza, nilisema ni pikipiki. Ningesemaje kwamba nimefungiwa chumbani na mtu anayefua?

Kwetu mambo haya hayako. Baba alikuwa Msanga, mama Mluba, na mkwe alikula alipopewa. Lakini mtu akioa, anaoa pamoja na desturi, na mimi si mtu wa kuvunja sahani za watu.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa tano, nilipewa ahadi ya kuwa mkuu wa shule moja huko Kambove, mji wa jirani. Kazi ilikuja na nyumba ndani ya uwanja wa shule: vyumba vitatu, jiko, na sharti moja, kwamba nyumba ni ya mwalimu mwenye familia na ataingia nayo kabla masomo hayajafunguliwa mwezi wa tisa. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kuimba. Mke wangu alinisikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo, mpaka akamaliza fungu.

"Siwezi kutoka hapa sawa mutu anakimbia," alisema. "Mutoto akipata homa kule, bantu batasema nini? Batasema tuliruka mila."

"Kambove ni karibu. Si Ulaya."

"Karibu, ndiyo. Lakini weye hauyaona moto. Unataka kunibeba namna gani?"

Nilikasirika, lakini hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda. Kumwambia mama mkwe sikuweza, maana desturi ilinikataza kusema naye. Kutuma wazee wa kwetu nilikwishajaribu mara mbili. Walipokelewa vizuri, wakanyweshwa munkoyo, wakarudi wamefurahi, bila tarehe.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kuandikia kundi moja la michezo ya kuigiza la mtaa wa Kikula. Walikuwa wakipiga video fupi za kuchekesha na kuziweka kwenye mtandao, na sasa walitaka tamthilia ya kweli, vipande kumi na viwili, kimoja kila Ijumaa. Kiongozi wa kundi alikuwa mama mmoja aliyezoea jukwaa la parokia tangu usichana wake, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tulimwita Présidente. Aliniuliza kama nina hadithi. Nilikuwa nayo moja tu.

Niliivisha nguo nyingine, bila shaka. Mkwe nilimfanya fundi wa magari. Mama mkwe nilimpa kazi ya kuuza makala, yaani makaa ya kupikia. Mume wa mama mkwe nikamwacha hai, mlevi kidogo, kwa ajili ya kucheka. Lakini mfupa wa hadithi ulikuwa ule ule: kijana anataka kwenda na mke wake, mama hataki kubaki peke yake, na hao wawili hawaruhusiwi kuambiana neno. Nilidhani makala na magari yatatosha kunificha.

Senario ilipokwisha, ila kipande cha mwisho, Présidente aliisoma yote kwa siku mbili, akaniita. Nilitegemea sifa. Akauliza jina.

"Machozi ya Nyumba," nikasema.

Aliniangalia kama mimi ninavyowaangalia wanafunzi wanaosema walisahau daftari. "Machozi ya nani? Kila filme iko na machozi. Mutu akisikia hii, anajua kama bantu balilia. Hajui juu ya nini. Weye mwalimu, ukisikia mulio nyuma ya ukuta, unauliza nini? Unauliza nani anagombana na nani."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kazi ambayo sikujua kama ni kazi. Mimi niliamini jina ni kofia, unaivaa mwishoni ukitoka. Kwa Présidente jina lilikuwa kipande cha kwanza cha tamthilia. Mtu analiona kwenye simu kabla hajaona sura yoyote, na kwa yale maneno mawili matatu anaamua kama atachoma megabaiti zake au atapita. Kwa hiyo lazima asikie ndani yake watu wawili wanaovutana kitu kimoja. Akisikia mmoja tu, jina limekufa. Akisikia nani atashinda, limekufa pia, maana hana sababu ya kungoja Ijumaa.

Nilileta "Mama Mukwe". Alichukua simu yake, akaandika maneno hayo kwenye kutafuta, akanigeuzia kioo. Zilishuka video bila mwisho: vichekesho, mahubiri, mwanamke mmoja anayefundisha kupika. "Tutalala chini ya hawa bote," alisema. Isitoshe jina lile lilimtaja mmoja wa wagombanaji na kumfanya mbaya kabla hajafungua mdomo, na mama wa senario yangu hakuwa mbaya. Hilo alilisema yeye, Présidente. Mimi nilikuwa sijaliona.

Nikaleta "Niache Niende". Alisema inasikika kama wimbo wa kwaya. Nani amwache? Ugonjwa? Shetani? Anayezuia hayumo. Nikaleta, kwa uchungu wa moyo, "Kambove ni Karibu", na kundi zima lilicheka mpaka mpiga picha akaketi chini. Walisema watu watafikiri ni tangazo la teksi.

"Mulango ya Nyuma" ilimpendeza kidogo. Katika hadithi fundi wangu anaingia kwa mlango wa nyuma kila siku ili asikutane na mama mkwe, jambo ambalo sikuhitaji kulitunga. Lakini Présidente alikuwa na desturi yake. Hakuamini masikio yake wala yangu. Jumamosi asubuhi alinipeleka soko la Kikula, kwa wanawake wanne anaowajua, mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia jina tu, bila hadithi. Kisha aliuliza: "Ni nani banagombana, na juu ya nini?"

Wa kwanza, muuza nyanya, alipiga kofi. "Eh! Ni bibi ya mutu! Bwana anarudia mbele, ule mwingine anatokea nyuma!" Akatusimulia na mwisho wake, pamoja na suruali iliyosahauliwa. Wa pili alisema vile vile, ila kwake mwenye kosa alikuwa padri. Hatukuenda kwa wa tatu.

"Umeona?" Présidente aliniambia tukirudi. "Hawayakosa. Jina njo ilibadanganya. Watafungua kwa kutafuta muzinzi, watakuta mukwe anakula peke yake. Watakasirika, na watakuwa na haki."

Nilichoka. Nilimwambia aweke jina lolote. Alisimama katikati ya vumbi, watu wakitupita na mifuko, akaniuliza swali ambalo hadi leo nawauliza wengine: katika senario yote, ni sentensi gani ikisemwa, kila mtu ndani ya chumba ananyamaza?

Niliijua palepale. Ilikuwa sentensi ya mke wangu. Nilikuwa nimeiweka katika kipande cha kwanza, kinywani mwa mke wa fundi, karibu neno kwa neno. Nilisita. Niliona sombe, niliona mikono yake. Kisha nikaisema: "Weye hauyaona moto. Unataka kunibeba namna gani?"

Présidente alirudia kimya kimya, midomo ikitembea. "Ondoa weye. Ondoa kunibeba. Mukwe Hayaona Moto."

Jumamosi iliyofuata tulirudi sokoni na maneno hayo matatu, yaani mkwe hajaona moto. Muuza samaki wakavu, Mbemba, hakufikiri hata kidogo. "Ah, huyu mukwe anataka kwenda na bibi yake, na mama-mukwe hataki. Mama iko na haki!" Jirani yake wa meza, mwenye mihogo, akamjibu kwamba haki gani, kijana wa watu atazeeka nyuma ya nyumba. Wakaanza. Tukaenda kwa mama mmoja wa Kasai ambaye mila hiyo hakuijua kabisa. Alikunja uso. "Moto gani? Kwa nini hawamuonyeshe? Banamuficha nini?" Hakujua chochote, lakini tayari alikuwa upande wa mtu. Tulipopita tena kwa wale wawili, bado walikuwa wakivutana, na wateja wawili walikuwa wameingia.

"Njo hii," alisema Présidente.

Mengine yalikuwa ufundi tu, na aliufanya kwa makini. Alitafuta mtandaoni, hakukuwa na mwingine mwenye jina hilo. Aliliandika kwa herufi nene kwenye picha, akaiweka kwenye simu ya mpishi wao iliyopasuka kioo, akainyoosha mbali kwa urefu wa mkono: lilisomeka, mistari miwili. Mpiga picha alitaka ndimi za moto nyuma ya maneno. Alikataa. Kama jina linasema hajaona, na wewe unamwonyesha mtazamaji, umemaliza hadithi kwenye picha. Wakapiga chungu kimoja kilichofunikwa, basi. Sentensi yenyewe itasemwa mara moja, mwisho wa kipande cha kwanza, na isirudiwe tena.

Nilijua jina lile linamsema nani. Sitajifanya mtakatifu. Nilikuwa na furaha mbaya moyoni. Miaka sita nilikatazwa kumwambia mama mkwe neno moja, na sasa nilikuwa nimepata maneno matatu ambayo mji mzima utamwambia kwa niaba yangu. Nilifikiri: atasikia, ataona haya, atapika. Mwezi wa tisa tutakuwa Kambove. Niliona kama nimepata ufunguo, na nilijisifu kwa akili yangu.

Kipande cha kwanza kiliwekwa Ijumaa moja, cha pili Ijumaa iliyofuata. Jumapili, baada ya misa, wanawake wa chama chake cha akina mama walimzunguka mama mkwe mlangoni mwa kanisa. Hawakumdhihaki. Walizungumza tamthilia tu, kama kila mtu, nani ana haki na nani hana. Halafu mmoja akamwuliza, kwa upole kabisa: "Na wa kwako, mama, alionaka moto?"

Mke wangu alikuwepo. Alisema mama yake alifunga kitambaa upya, akajibu kwamba bado kidogo, akatembea mpaka nyumbani bila kungoja mtu.

Jumatatu sikusikia ufagio. Nilitoka wakati wangu, njia ilikuwa wazi, na niliogopa. Mchana mke wangu alikuja na ujumbe. Aliutoa akiwa amesimama, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

"Mama anasema: nilikuwa nataka kupika mwezi wa saba. Dada yangu alisha kukubali kuya. Lakini sasa nikipika, kila mutu atasema ni telefone ilinifanyisha. Atasema mukwe alinifunga mu filme, na minye nikaogopa. Sipiki kwa kuogopa mutoto. Mambo hii ikisahaulika, tutaona."

"Ni kweli? Mwezi wa saba?"

"Dada yake alituma message. Niliiona."

Nilikaa kitandani. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kitu. Miezi miwili tu ya kunyamaza ingetosha. Nilikuwa nimefunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, na kufuli nimeichagua kwa uangalifu, nikaijaribu sokoni.

Nilikwenda kwa Présidente mbio. Nilimwambia yote, hata lile la mashuka. Nikamwomba abadilishe jina. Alinisikiliza vizuri, kwa sababu ni mtu mwema, kisha akanieleza kwa nini haiwezekani, kwa sababu ni mtu wa kazi. Vipande viwili vilikuwa vimekwisha toka. Watu hawakusema tena "ile filme", walisema "Hayaona Moto". Vijana wa Kamatanda walikuwa wakiitana hivyo kwenye machimbo, mwenye kuchelewa kuoa akiitwa mukwe hayaona moto. Wimbo wa mwanzo ulikuwa na maneno yale yale ndani, umekwisha rekodiwa. Tukibadilisha, atakayetafuta jina la zamani hatatukuta, na atakayekuta jipya atadhani ni kitu kingine.

"Na kama ningebadilisha," aliongeza, "bantu batauliza kwa nini. Na jibu ni weye. Unataka bauliziane juu yako?"

Sikutaka.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko miaka sita yote. Sasa nilipongojea mama mkwe amalize kufua, nilijua naye anajua niko pale, nyuma ya pazia, mwandishi. Kila Ijumaa jioni, kutoka nyumba ya mbele, nilisikia wimbo wa mwanzo. Mpwa wa mke wangu alikuwa na simu kubwa, na mama mkwe alikuwa haachi kipande hata kimoja. Nilisikia waigizaji wakisema maneno yangu upande wa pili wa ukuta. Hakucheka mahali pa kucheka. Ningetoa chochote nijue alikuwa na uso gani.

Nikabaki na tumaini moja. Nilikuwa bado sijaandika kipande cha kumi na mbili. Ujumbe wake ulisema mambo yakisahaulika. Basi niyamalize. Jina lilikuwa limebeba swali, na tamthilia nzima ilisimama juu ya swali hilo: ataonyeshwa au hataonyeshwa. Siku nitakapolijibu, jina litakuwa limekwisha kazi, watu watahamia kwa hadithi nyingine, na yeye atapika kwa amani, hata mwezi wa nane. Nikaandika sherehe yote: vyungu, nyimbo, kufunua. Présidente alisema ni sawa, jina limelipa deni lake kwa watazamaji. Aliniuliza tu nani anajua sherehe inavyofanywa, maana waigizaji wake wengi ni watoto wa mjini na mimi nimeandika kitu ambacho sijakiona.

Mke wangu alimsimulia mama yake. Hakumwomba kitu, alisema tu kwamba watatumia sahani za plastiki. Mama mkwe alisimama. "Batatuchekesha mbele ya bantu. Hapana. Nitaenda minye."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini Jumamosi ya kupiga picha alikuja Kikula, uwanjani kwa Présidente, na wanawake watatu wa chama chake, na vyungu vya udongo vya mama yake, na kuku aliyemchagua mwenyewe. Walipika tangu alfajiri. Mwigizaji wa mama mkwe aliwekwa kando, kwa sababu katika sherehe ya kweli mama mzazi hafunui, anafunua dada yake. Kwa hiyo mama mkwe alichukua nafasi ya dada. Alifunga kitenge kipya. Alimwagiza mpiga picha asimame wapi.

Mimi nilikuwa mwandishi, kazi yangu ni kukaa pale na senario. Lakini sikuweza kuwa mbele yake. Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, na karatasi mkononi, moshi ukinijia machoni. Tundu la tofali lililoanguka lilinipa kipande cha uwanja. Hapo ndipo nilipoona uso wake, mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mke wangu.

Waliingia kwa magoti, wakiimba. Yule aliyecheza fundi, kijana wa watu ambaye hajaoa hata leo, aliketi kwenye mkeka, macho chini, kama alivyofundishwa. Mama mkwe alifunua chungu cha kwanza.

"Mukwe, hii ni kuku. Tulikuwa tunakuficha, sasa tunakuonyesha. Usituogope. Ukiwa na njaa, uya kwetu, ukule. Ukitaka kwenda, enda vizuri, na mutoto wetu umuchunge."

Maneno hayo hayakuwa katika senario. Aliendelea hivyo, chungu kwa chungu, maharagwe, samaki, sombe, bukari yaani ugali, na sauti yake haikutetemeka. Alimkatia kijana kipande cha kuku, akamwekea mkononi. Kijana alikula, na alianza kulia kweli. Présidente hakukata. Nyuma ya ukuta nami nilikuwa nikilia, na sioni haya kulisema. Kila neno nililolingoja miaka sita lilisemwa pale, sawasawa kabisa, kwa mtu mwingine.

Kipande hicho ndicho kilichotazamwa kuliko vyote. Jumapili wanawake wa chama walimkumbatia mlangoni mwa kanisa. Sasa hakuna aliyemwuliza kuhusu wa kwake. Walikuwa wamemwona kwa macho yao akionyesha moto, na kuonyesha vizuri kuliko mtu yeyote. Mama amemaliza, walisema. Jina letu lilikuwa limemuuliza mbele ya watu, na mbele ya watu alikuwa amejibu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi masomo yafunguliwe. Mke wangu alivua viatu kwa heshima, akaenda nyumba ya mbele. Alirudi baada ya muda mfupi, akaketi kizingitini, akanisimulia.

"Nilimuambia: mama, ule ulimuonyesha si bwana yangu. Anasema: nayua. Njo maana niliweza."

"Na mimi?"

"Nilimuuliza. Alilia. Anasema: siku nitamuonyesha, mutaenda, na asubuhi nitafagilia nani?" Mke wangu alipangusa uso kwa upindo wa kitenge. "Sikumuonaka akilia hata kwa kufa ya baba. Siwezi kumuacha. Usinikasirikie."

Sikumkasirikia. Nilimtafuta mtu wa kumkasirikia na nilimkosa, nami nimezoea kumpata. Mama yule hakuwa mbaya. Présidente aliliona tangu mwanzo, katika karatasi zangu mwenyewe.

Juma lilipokwisha, msimamizi wa shule ya Kambove alinipigia simu. Alikuwa mtu mwenye furaha, alikuwa akipaka chokaa ile nyumba ya vyumba vitatu na alitaka kujua vitanda vingapi vya kuweka.

"Mwalimu, mutakuya bantu bangapi?"

Nje, mama mkwe alikuwa ameanza kufagia. Nilikumbuka sharti la nyumba ile.

"Mumoja," nikasema.